Majibu ya Damu Yaliyofika Kabla ya Daktari



Wiki hii, wasomaji wapenzi, nimeona niwasimulie yaliyotufika katika nyumba yetu wenyewe. Ami yangu, mzee wa miaka 71, anaishi Bisil, katika barabara iendayo Namanga, na riziki yake ni mifugo. Ana maradhi ya shinikizo la damu, na kwa miaka kadhaa ametumia kidonge cha enalapril. Daktari wake yuko katika hospitali moja kubwa ya Nairobi. Hospitali hiyo ina lango la wagonjwa katika simu, ambamo mtu huomba miadi na kusoma majibu ya vipimo vyake. Ami hana haja na mambo ya simu, kwa hiyo akaunti yake hushikwa na binti yake aliyeko Mombasa.

Siku ya Alhamisi Ami alitolewa damu katika zahanati pale Bisil, nayo ikapelekwa Nairobi kwa gari. Saa tatu usiku simu ya binti yake ililia: majibu yametoka. Akafungua, akaona kreatinini 92, haina alama yoyote. Chini yake akaona potasiamu 6.2, imeandikwa kwa rangi nyekundu, na kando yake herufi H. Kiwango cha kawaida kilichoandikwa hapo ni 3.5 hadi 5.1. Akatafuta habari mtandaoni, akasoma kwamba potasiamu nyingi husimamisha moyo, na kwamba dawa za jamii ya enalapril huipandisha. Yote mawili ni kweli. Akampigia baba yake usiku ule ule: "Baba, dawa hiyo usiimeze tena." Kisha akaingia katika lango, akaomba miadi ya Jumatatu saa nne na nusu asubuhi.

Jumatatu Ami aliondoka Bisil alfajiri. Alipofika mapokezi, jina lake halikuwamo katika orodha. Binti alikuwa amechagua siku na saa, lakini hali ya ombi ilikuwa bado *Requested*, wala haikuwa *Confirmed*. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. La kwanza lina maana kwamba ombi limepokelewa na linangoja karani alitazame, na makarani wengi hawafanyi kazi hiyo Jumamosi na Jumapili. La pili ndilo miadi. Mtu wa mbali asipande gari mpaka alione hilo la pili. Na akikaribia siku ya safari hajaliona, apige simu ya kliniki.

Wauguzi walimhurumia mzee, wakampima. Shinikizo lake lilikuwa 178 kwa 104, kwa kuwa alikuwa siku nne bila dawa. Wakamtoa damu palepale, na baada ya muda mfupi jibu likatoka: potasiamu 4.4. Ni kiwango cha kawaida kabisa. Daktari akamrudisha kwenye enalapril siku hiyo hiyo.

Basi ile 6.2 ilitoka wapi? Daktari alitueleza, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niandike. Potasiamu nyingi ya mwilini haimo katika majimaji ya damu. Imo ndani ya chembe, na humo ni zaidi ya mara thelathini ya iliyo nje. Chembe hai huizuia ndani kwa kutumia nguvu. Damu ikishatoka mwilini na kukaa ndani ya chupa, nguvu hiyo hupungua na potasiamu huanza kuvuja. Dawa ya jambo hilo ni kuizungusha damu katika mashine mapema, ili chembe zitengwe na majimaji kabla ya safari. Zahanati ndogo mara nyingi haina mashine hiyo. Na ajabu ni kwamba barafu haisaidii, bali huzidisha: baridi huidhoofisha ile nguvu ya chembe, na uvujaji huongezeka. Chupa ya Ami ilisafiri ndani ya kasha la barafu.

Je, ilikuwa wazi katika simu? Ilikuwa, kwa ajuaye mahali pa kutazama. Ukibonyeza jibu lenyewe, chini yake huwa kuna saa mbili. Kwa Ami ziliandikwa *Collected 07:40* na *Received 16:55*. Yaani damu ilitoka mkononi saa moja na dakika arobaini asubuhi, ikafika maabara saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni. Ni zaidi ya saa tisa. Jambo la pili ni majibu ya nyuma: kipimo kilichotangulia kilikuwa 4.5, kwa dawa ile ile. La tatu ni kreatinini, ambayo ni kipimo cha figo. Ilikuwa 92 kama zamani, na figo zinazofanya kazi vizuri kwa kawaida huitoa potasiamu ya ziada. Wakati mwingine huwapo pia neno *Haemolysed*, maana yake chembe zimepasuka wakati wa kutoa damu au njiani. Kwa Ami halikuwapo, kwa sababu chembe huweza kuvuja bila kupasuka.

Lakini hapa nawaomba mnielewe vizuri. Dalili hizo tatu hazimpi mtu ruhusa ya kulala akisema kipimo kimekosea. Potasiamu inayofika 6 hurudiwa siku ile ile, na ikifika 6.5 huchukuliwa kuwa ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo. Mgonjwa akilegea misuli, au moyo ukienda mbio au kurukaruka, apelekwe hospitali usiku huo huo akapimwe mapigo ya moyo kwa mashine. Faida ya dalili zile ni kukupa la kumwambia daktari wa zamu kwa simu: jibu ni hili, damu ilikaa saa tisa, la mwisho lilikuwa hili, afanye nini na dawa? Swali hilo lingejibiwa Alhamisi usiku. Ombi la miadi ndani ya lango halisomwi na daktari wa zamu.

Na maabara haikunyamaza. Ilipiga simu Alhamisi jioni, kwa nambari ya Ami iliyomo katika faili, laini aliyoipoteza zamani. Binti alikuwa amebadilisha nambari katika akaunti, akadhani imebadilika kila mahali. Faili ya hospitali lilibaki na ile ya kale. Nambari ithibitishwe kwa mdomo, pale mapokezi.

Tusichanganye, pia, lango la hospitali na lile la Afya Yangu la SHA, lililokuja baada ya NHIF kuondolewa Oktoba 2024. Hilo ni la kujisajili na kulipia bima. Miadi ya daktari wako wa Nairobi huiombi humo.

Limebaki la amana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na sisi tulijua kabla ya sheria hiyo kwamba siri ya mgonjwa ni amana. Ami alipoulizwa kama yu radhi binti yake aendelee kusoma majibu yake, alijibu: "Asome. Lakini akiona jekundu, ampigie daktari kabla ya kunipigia mimi."

Wassalaam.