Fyuzi Hulinda Waya: Funzo kwa Nyumba Kongwe za Tabora

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Katika Tabora, mji wa kale wa misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji, jiko la umeme linaingia pia katika nyumba ambazo nyaya zake ziliwekwa kwa ajili ya taa chache na redio.

Tuchukue mfano wa chumba kimoja. Soketi yake imeungwa kwenye waya wa taa wa milimita mraba 1.5, unaolindwa na sakiti breka ya ampea 10. Birika la wati 2,000, pasi ya 1,000 na jiko la 1,000 vikiwashwa pamoja kwa volti 230, mkondo unafikia ampea 17. Breka inakata, kama inavyopaswa. Mwenye nyumba, akiudhika, anaweka ya ampea 32, na umeme haukatiki tena. Hapo ndipo hatari inapoanza. Joto la waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo sasa ni takribani mara tatu ya lile la ampea 10, nalo linafanya kazi darini, kando ya mbao kavu. Breka mpya haioni kosa lolote. Kipande cha waya wa shaba kilichofungwa mahali pa fyuzi kina athari hiyo hiyo.

Breka sahihi nayo ina mpaka wake. Waya uliochubuka ukigusa bati, umeme hupitia ethi kwenda ardhini. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, na nondo ya ethi inaweza kuwa na ukinzani wa omu 50. Mkondo utakaopita ni ampea 4.6 tu, ambao breka ya 10 itauacha uendelee, ingawa unazalisha zaidi ya wati 1,000 za joto njiani. Kazi hii ni ya kifaa cha kukata umeme unaovuja, kinacholinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Cha miliampea 30 humlinda mtu. Cha miliampea 300, kinachowekwa mwanzo wa mfumo, hulenga moto.

Kitufe chenye herufi T hupima kifaa chenyewe, si ethi. Ukinzani wa ethi hupimwa na fundi aliyesajiliwa kwa mita. Hata hivyo, viungo vilivyolegea huwaka bila kifaa chochote kati ya hivyo kukata. Dalili zake ni soketi yenye rangi ya kahawia, harufu ya plastiki iliyoungua, na taa zinazofifia pasi inapowashwa. Nyumba yenye dalili hizo huhitaji kuzimwa swichi kuu kabla ya kusubiri fundi.