Udongo Usivuke Mlango wa Unga

Mama na dada zangu, Oyugis ni nchi ya viazi vitamu, na katika kaunti ya Homa Bay viazi vya rangi ya chungwa hupondwa vikachanganywa na unga wa ngano kuoka mikate. Viazi huja na udongo, nao udongo una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuliwi na tanuri, kwa kuwa katikati ya mkate joto halizidi digrii 100. Mkate hutoka mzuri. Siku ya pili, hasa wakati wa joto, hunuka kama nanasi lililoiva kupita kiasi, na ndani huvutika kama ulimbo. Huo hutupwa wote.

Basi viazi viingie kwa mlango wao wa nyuma, vioshwe na kumenywa nje ya chumba cha unga. Naye aoshaye asikande. Kisha kazi iende mbele tu: kukandia, tanuri, meza ya kupozea, kufungia, mlango wa kutolea. Nafasi ikiwa finyu, mimi nisingeipunguza meza ya kupozea. Mkate ufungwao ungali moto hutoka jasho mfukoni, ukaota ukungu. Kreti zirudizo kutoka madukani zioshwe papo hapo mlangoni, zisipite ndani.