Mlio usimeze neno la kuchekesha

Mwaka jana kikundi cha wanafunzi kiliniletea mswada wa kichekesho kifupi walichokusudia kukionyesha ukumbini, wakitaka niwasahihishie lugha. Niliusoma nikacheka peke yangu ofisini, nikawarudishia nikiwa na hakika kwamba watazamaji watavunjika mbavu. Siku ya maonyesho ilipowadia, mahali nilipochekea mimi hapakucheka mtu. Mama mmoja aliyeketi kando yangu alitikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Maskini."

Mama huyo hakuwa na kosa lolote. Msomaji na aamue mwenyewe baada ya kukisikia kisa chenyewe. Kamati ya mazishi imekutana sebuleni kwa mwenyekiti. Hesabu zinasomwa: jeneza, gari, mahema, chakula cha wageni. Jirani mmoja, ambaye amekwisha kutoa mchango wake, anauliza kwa adabu zote marehemu alifariki lini. Mwenyekiti anajibu, "Hajafariki." Mzaha wote umefungwa katika neno hilo moja, kwa maana watu wanamzika kwa hesabu mtu aliye hai.

Kando ya jibu hilo, pambizoni mwa mswada, palikuwa na maneno matatu tu: "Muziki wa huzuni." Hapakuelezwa uanze wapi, ukome wapi, wala uwe na nguvu kiasi gani. Kijana aliyeshika mitambo alifanya ambalo yeyote angelifanya. Alipomwona mwenyekiti akifumbua kinywa, alibonyeza, na kwaya ikajaza ukumbi. Watazamaji wakasikia kwaya, kisha wakasikia "...fariki".

Hapo ndipo ninapoomba ruhusa ya kuingiza kazi yangu ya isimu, maana jambo hili lina sababu iliyo ndani ya lugha yenyewe. Lichukue neno "amefariki" uliweke kando ya "hajafariki". Yote mawili yana silabi tano. Yote mawili yana mkazo kwenye "ri", kwa kuwa Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Yanatofautiana katika silabi mbili za mwanzo pekee, nazo ni silabi ambazo msemaji huzipitia kwa wepesi bila kuzikazia sauti. Uhai na mauti ya mtu yule vilikuwa katika "haja" na "ame", yaani katika sehemu dhaifu kabisa ya neno kwa masikio. Mlio wowote unaoanza pamoja na kitenzi cha Kiswahili hula viambishi kwanza, na viambishi ndivyo vinavyotuambia nani, lini, na ndiyo au siyo. Anayesalia na mzizi hubaki na habari isiyo na kichwa.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba sauti ni kazi ya fundi, na kwamba mwandishi amalize maneno yake aende zake. Fundi haoni viambishi. Mwandishi ndiye anayejua mzaha wake umelala katika silabi gani, naye ndiye apasaye kuandika ndani ya mswada, kwenye neno lenyewe, mlio uingie baada ya lipi na ukatike kabla ya lipi. Agizo lililoandikwa pambizoni bila kufungwa kwenye neno ni sawa na kutoandika kitu.

Wanafunzi walikuja kwangu siku ya pili wakiwa wamenuna, tukaketi na mswada. Jambo la kwanza tulilofanya halikuhusu sauti hata kidogo. Tulilibadilisha jibu. Mtu akiulizwa mwenzake alifariki lini, Kiswahili kina jibu la neno moja ambalo halitegemei kiambishi chochote: "Bado." Silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza, na hakuna neno jingine la kulichanganya nalo. Baadhi ya matatizo ambayo waandishi humtwika fundi wa sauti hutatuliwa kwa kalamu.

Kisha tukaja kwenye muziki. Wao walitaka muziki wa kuchekesha, ule wa filimbi na ngoma za kudundadunda, ili watu wajue kwamba hapa pana mzaha. Niliwakatalia. Muziki wa namna hiyo humtangulia mchezaji na kumfichulia siri yake, na mtazamaji aliyekwisha kuambiwa acheke huanza kupima kama kweli pana la kuchekwa. Kamati ile inaamini kwamba iko msibani, basi na muziki uamini hivyo. Tukakubaliana kwamba kwaya ivume kwa huzuni ya kweli tangu pazia linapofunguliwa, chini kabisa ya mazungumzo, na ivume bila maneno. Wimbo wenye maneno ya Kiswahili chini ya mazungumzo ya Kiswahili hugombania sikio lilelile, na msikilizaji hupoteza vyote viwili.

Muziki huo ukome wapi? Tulijaribu njia mbili mazoezini. Ulipofifia polepole wakati wa swali, hapana aliyetambua kwamba umekwenda. Ulipokatwa ghafla mara tu baada ya neno "lini", chumba kizima kilishtuka, kana kwamba hata kwaya ilikuwa haijawahi kujiuliza swali hilo. Kimya hakisikiki mpaka kitanguliwe na sauti ambayo sikio lilikwisha kuizoea. Anayetaka kimya kwenye ukurasa wa tatu hana budi kuanza kukiandaa kwenye ukurasa wa kwanza.

Urefu wa kimya hicho ulituletea mabishano. Mwigizaji wa mwenyekiti aliogopa kusimama bila neno, akawa anajibu upesi mno. Nilimsimulia habari ya Mmarekani Jack Benny, mchekeshaji wa redio, ambaye mwaka 1948 alivamiwa katika igizo na mnyang'anyi akitakiwa achague fedha au uhai. Benny alinyamaza tu, redioni, mahali ambapo kimya humtia hofu kila mtangazaji, na watu studioni wakacheka. Alipohimizwa na mnyang'anyi, alijibu kwa hasira kwamba alikuwa akifikiri. Lakini niliongeza tahadhari: kimya kile kilijaa kwa sababu wasikilizaji walikuwa wamemjua kwa miaka mingi kuwa bahili wa mabahili. Mwenyekiti wetu hajulikani na mtu. Kimya chake kinabeba swali la jirani tu, na swali moja halijazi zaidi ya pumzi moja au mbili. Tukaandika katika mswada: "Anawatazama wajumbe wawili, mmoja baada ya mwingine, ndipo anajibu." Maagizo ya namna hii yanamsaidia mwigizaji kuliko hesabu ya sekunde, kwa kuwa yanampa kazi ya kufanya ndani ya kimya.

Baada ya kusahihishwa, sehemu hiyo ilisomeka hivi:

JIRANI: Samahani, mwenyekiti. Marehemu alifariki lini? (Kwaya ikatwe baada ya "lini". Isirudi tena.)

MWENYEKITI: (Anawatazama wajumbe wawili, mmoja baada ya mwingine.) Bado.

(Kicheko kianze kushuka, ndipo kikohozi kimoja kizito kutoka nyuma ya mlango.)

MWENYEKITI: Mwambieni apunguze sauti, tuko mkutanoni.

(Kimya kifupi. Kikohozi kilekile, safari hii cha adabu.)

Kikohozi hicho cha kwanza hapo awali kilikuwa kimewekwa kabla ya jibu, na wanafunzi walikipenda sana pale. Niliwaonyesha kwamba kikitangulia, mtazamaji anapata habari kabla mwenyekiti hajaitoa, na "Bado" linabaki kumweleza jambo analolijua. Kikifuata, kinakuwa ushahidi wa jibu na mlango wa mzaha wa pili. Mlio ambao una habari ndani yake ni sawa na mstari wa mchezaji, nao uwekwe kwa zamu yake kama mistari mingine.

Tulibishana pia kama kikohozi kipigwe kutoka kwenye mitambo. Vipaza sauti vya ukumbi ule vimetundikwa juu, kulia na kushoto, na kikohozi kinachotoka darini hakina mwenyewe. Mgonjwa huyu hana budi kuwa chumba cha pili, hatua chache kutoka kwenye hesabu za jeneza lake. Tukamweka mwanafunzi nyuma ya mlango wa jukwaa, akohoe mwenyewe. Yeye alikuwa na faida nyingine pia, kwamba ana masikio. Katika maonyesho ya hadhara kicheko hakina kipimo maalumu. Akikohoa kikiwa juu, hasikiki. Akisubiri kiishe kabisa, mchezo umepoa. Anapaswa kuingia kinapoanza kushuka, na hilo hakuna anayeweza kuliandika kwa sekunde. Laiti kichekesho hicho kingerekodiwa kwa ajili ya redio, ambako hakuna hadhira ya kusubiriwa, ningeandika pumzi moja tu, na kumsogeza mkohoaji mbali na kinasa sauti akiwa amegeuza uso upande wa pili.

Maonyesho ya pili yalikwenda kama tulivyoandika. Kicheko kikubwa kuliko vyote hakikuja kwenye "Bado", kama nilivyotabiri, bali kwenye kile kikohozi cha adabu cha mwisho, ambacho hakina neno hata moja. Nakiri kwamba, kwa mtu anayekula kwa kufundisha maneno, jambo hilo lilinichoma kidogo.

Maonyesho ya tatu yalifanyika katika shule moja yenye ukumbi wa mabati, na mvua ikanyesha. Kwaya ilipokatwa, hapakuwa na kimya chochote cha kusikika, ila ngurumo ya matone juu ya paa. Yule mwenyekiti akamaliza kuwatazama wajumbe wawili, akamtazama na wa tatu, kisha akalipaza "Bado" kama anayemjibu mtu aliye ng'ambo ya mto. Watu walicheka, ingawa kwa kuchelewa. Kikohozi cha adabu hakikusikika kabisa, na mchezo ukaishia kwenye maneno ya mwenyekiti, huku kijana wa nyuma ya mlango akiendelea kukohoa bure. Tangu hapo mswada umeongezwa agizo moja chini ya orodha ya wachezaji: mvua ikinyesha, mlango ufunguliwe kidogo, mgonjwa akohoe akiwa ametoa mkono wenye leso, na kwa kikohozi cha pili mkono huo uirudishe leso ndani polepole.