Kiazi Kimoja Kila Mtoto

Wandugu, leo naanza kwa kukiri kosa. Kosa lenyewe lilitendeka Makanya, pale kwenye barabara kuu ya kwenda Same na Moshi, na mtenda kosa ni mimi.

Nilikwenda kule kutafuta habari ya wachimbaji wa jasi. Makanya wengi mnaiona dirishani mkiwa kwenye basi: vumbi jeupe, mkonge, jua kali, na nyuma yake milima ya Upare imesimama kijani kama inawacheka watu wa tambarare. Mahindi ya huku chini hutegemea sana maji ya mafuriko yanayoshuka kutoka milimani. Yakishuka, watu wanayaelekeza mashambani. Yasiposhuka, basi tena.

Nina mshikaji wangu wa tangu Mlimani, siku hizi ni mwalimu wa darasa la nne huko. Ana wanafunzi 84 na ukuta mmoja mtupu nyuma ya darasa. Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, una somo la Sanaa na Michezo, na yeye hana hata penseli ya rangi. Akaniuliza, "Wewe mtu wa magazeti, huna wazo?" Nikajifanya najua. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kwamba watoto wanaweza kukata viazi mviringo, kuvichovya kwenye rangi na kugonga chapa ukutani. Nikamwambia: kiazi kimoja kila mtoto, kazi kwisha. Yaani nilidesa, kama enzi zile za mitihani.

Asubuhi iliyofuata watoto kumi na kitu hawakuja shule. Saa mbili akaja mama mmoja, kamshika binti yake mkono. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, hicho kiazi ni cha kula au cha kuchezea? Maana mimi nikikipata, nakitia sufuriani."

Jamani, nilitamani sakafu ipasuke. Viazi mviringo havilimwi pale tambarare, vinanunuliwa. Mimi nilichukua zoezi la mahali ambapo kiazi ni kitu cha kutupa, nikalipachika mahali ambapo kiazi ni nusu ya chakula cha jioni. Tangu siku ile nina msimamo, na ndio ninaotaka kuutetea hapa: somo la kugonga chapa kwa mboga na majani lisiguse chochote kinacholiwa. Si kwa huruma tu. Hata kwa upande wa sanaa yenyewe, takataka zinatoa chapa nzuri kuliko kiazi.

Nieleze. Kiazi ukikikata, uso wake ni bapa na hauna kitu. Lazima uchonge umbo mwenyewe, kwa kisu, mara 84, mikononi mwa watoto. Ukichonga herufi bila kuigeuza, inatokea kinyume ukutani. Lakini takataka nyingi zina mchoro wake tayari ndani. Bamia iliyokomaa mpaka imekuwa mti, ambayo hakuna anayeitaka sokoni, ukiikata kwa upana inatoa nyota yenye pembe tano au zaidi. Kikonyo kinene cha jani la mgomba kinatoa mwezi mwandamo uliojaa vyumba vidogo kama sega la nyuki. Kikonyo cha jani la mpapai kina tundu katikati, kinatoa pete. Kata moja ya mwalimu, mchoro upo.

Basi siku hiyohiyo agizo likabadilishwa. Watoto wakaambiwa walete wanachokiona kimetupwa. Vikonyo vya migomba vilikuja na mizigo ya ndizi iliyoshushwa kutoka milimani, bamia ngumu zikatoka kwa mama mmoja wa sokoni, na majani yakachumwa njiani. Mwalimu alikataza mimea miwili tu. Wa kwanza ni mnyaa wa kwenye ua, maana utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari. Wa pili ni mkonge mbichi, kwa sababu ya miba na maji yake yanayowasha. Hao watoto walikuwa wanaujua mkonge kuliko sisi. Na hata hivyo jani lake ni nene na laini, halina mishipa ya kuonyesha.

Sasa ukuta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukuta ule ulikuwa umepakwa chokaa, na chokaa ya zamani ni unga: rangi inashika unga, unga unabanduka, chapa inaondoka nao. Kipimo ni rahisi, pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, ukuta hauko tayari. Tuliusugua kwa brashi ngumu, tukaufuta kwa kitambaa kibichi, ukakauka, tukapaka rangi ya maji nyeupe mara mbili. Eneo lilikuwa mita 3 kwa mita 1.5. Kopo la lita 4 lilitosha na kubaki nyingi ya kuchanganyia. Hilo kopo nililinunua mimi, kama faini.

Rangi nyingine hatukununua. Udongo mwekundu ulichekechwa kwa kitambaa, kijiko kimoja kwa vijiko viwili vya rangi nyeupe. Mkaa ulitwangwa ukatoa kijivu. Watu hupendekeza udongo na gundi ya unga wa muhogo. Kwenye karatasi sawa, lakini ukutani gundi hiyo inaota ukungu na kubanduka unyevu ukiingia. Na msiongeze maji. Rangi ya chapa iwe nzito kama mtindi, ikiwa kama chai inachuruzika.

Mpangilio ulinifurahisha zaidi. Mwalimu aliwauliza watoto khanga ina nini. Wakajibu kwa pamoja: pindo, mji na jina. Basi ukuta ukawa khanga. Kwa uzi uliopakwa unga wa mkaa, ule wa mafundi, tulipiga mistari ya sentimita 30, zikatoka safu 5 zenye vyumba 10. Vyumba vya pembeni kuzunguka ni 26, hilo ni pindo. Ndani vimebaki 24. Nane vya safu ya chini ni vya jina, 16 ni mji. Ukijumlisha 26 na 16 unapata 42, na watoto 84 wakikaa wawiliwawili ni jozi 42. Kila jozi ikawa na chumba chake.

Pindo lilikuwa na kanuni moja: mwezi wa mgomba, nyota ya bamia, mwezi, nyota. Mtoto mmoja akauliza, tukizunguka mpaka mwanzo si zitagongana mbili za aina moja? Mwalimu hakumjibu, akamwambia ahesabu. Akarudi amegundua kwamba 26 inagawanyika kwa mbili, kwa hiyo hazigongani. Vingekuwa 25 zingegongana. Hesabu hiyo haikuwa kwenye kitabu chochote. Mji nao uliachwa huru, jani lolote, ila ligongwe mara nne, vikonyo vikielekea katikati. Wote walitaka mji, ikabidi tupige kura.

Jani nalo lina adabu zake. Lililochumwa sasa hivi linajikunja, lililokauka linavunjika. Lilazwe chini ya daftari saa moja au mbili, linyauke kidogo. Rangi inapakwa upande wa chini, kwenye mishipa iliyotokeza, kwa kipande cha sponji ya godoro kinachodonolewa, si kuburuzwa. Unalibandika, unaweka gazeti juu, mmoja anashika kikonyo lisiteleze, mwenzake anabonyeza kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha linabanduliwa kwa kuanzia kwenye kikonyo. Ndiyo maana walifanya kazi wawili. Jani la mpapai mchanga, la muhogo na la mbuyu yalitoka vizuri. Mwarobaini una vijani vidogo vingi, ilibidi vigongwe kimoja kimoja.

Chapa ya kwanza karibu kila mara ni doa, kwa sababu rangi imezidi na imejaza nafasi kati ya mishipa. Ya pili, bila kuongeza rangi, ndiyo nzuri. Kwa hiyo ya kwanza tuligonga kwenye gazeti, na nikashuhudia habari yangu ya ukurasa wa saba ikipata kazi ya maana kwa mara ya kwanza. Bamia ilitusumbua kwa utelezi mpaka tulipoilaza kifudifudi kwenye gazeti nusu saa. Magunzi yalishindwa kabisa. Lipu ilikuwa na mikwaruzo, na gunzi ni gumu, linagusa vichuguu tu. Kikonyo cha mgomba ni laini, kinaufuata ukuta. Jozi sita tu zilikuwa ukutani kwa wakati mmoja, nyingine zikifanya mazoezi chini. Siku mbili tukamaliza.

Vipo vyumba vibaya. Viwili jani liliteleza, kingo zikatoka mbilimbili. Mtu mmoja mwenye cheo, simtaji, alipita akashauri vipakwe upya na fundi ili ukuta uwe msafi kabla wageni hawajaja. Mwalimu alikataa kwa heshima, na namuunga mkono kwa mikono miwili. Shule zetu nyingi zina ramani na mifupa ya binadamu iliyochorwa ukutani na fundi wa kulipwa. Zina kazi yake. Lakini huu ulikuwa ukuta wa watu 84, na chumba kilichoteleza nacho kina wenyewe. Ukikifuta umewafuta watu wawili.

Likabaki jina. Herufi zilidonolewa kwa ncha ya bua kavu la mtama, nukta kwa nukta, hivyo hapakuwa na shida ya kugeuka kinyume. Darasa lilibishana kipindi kizima. Aliyeshinda ni binti yule wa kiazi. Jina linasomeka hivi:

ULICHOTUPA KIMETUPAMBA

Mama yake alikuja Ijumaa kuliona. Alisimama mlangoni muda mrefu, akatafuta chumba cha mwanawe, akagusa nyota ya bamia kwa kidole. Akaniangalia mimi, akasema, "Haya. Sasa hii ni ya kuchezea." Akaondoka zake.

Na habari ya jasi? Mhariri bado anaidai. Nitaiandika, wandugu. Alamsiki.