Mtoto anayekoroma siyo lazima awe na kichwa kigumu

Wasikilizaji wetu, hasa nyinyi familia mliohama na mnaolala watu saba ndani ya chumba kimoja, mnajua kabisa ni mtoto gani anayekoroma. Watu wanacheka: huyu analala kama mzee! Mimi naona hilo si jambo la kucheka, na pia si jambo la kumpeleka kwa mkata kilimi.

Nyuma kabisa ya pua, juu ya kilimi, kila mtoto ana kinyama laini kinachosaidia mwili kupigana na magonjwa. Waganga wanakiita adenoidi, wengine wanaandika vejetasio. Huwezi kukiona hata mtoto akifungua kinywa sana. Kinakua zaidi kati ya miaka 2 na 7, halafu kinapungua chenyewe mtoto akikaribia ujana. Mafua yakirudi mara kwa mara, kinavimba na kuziba njia ya hewa. Moshi wa makala unakizidisha. Hapo mtoto anapumulia kinywani, koo linakauka, na asubuhi anasema linamuuma.

Kinachonisumbua zaidi ni masikio. Kuna mfereji mdogo unaotoka nyuma ya pua na kuingiza hewa ndani ya sikio, na mlango wake uko karibu sana na kile kinyama. Mfereji ukizibwa, maji mazito yanajaa nyuma ya ngozi ya sikio. Mara nyingi hayaumi wala hayatoki nje. Mtoto anasikia kama mtu aliyezama ndani ya maji.

Mama mmoja aliyetoka Masisi, anayehifadhiwa na ndugu hapa Goma, alinieleza habari ya kijana wake wa miaka 6. Kwa miezi mitano alimpeleka kituo cha afya mara nne kwa sababu ya koo, na mara nne akarudi na amoksisilini. Shuleni alikaa nyuma kabisa, na mwalimu akamwita mkaidi kwa kuwa akiitwa hageuki. Jirani akashauri kilimi kikatwe. Bahati nzuri, muuguzi mmoja alifanya jambo rahisi: alisimama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja, akanong'ona jina la chakula anachopenda. Kimya. Alipolitaja kwa sauti ya kawaida, mtoto akageuka akitabasamu. Huyo alikuwa hasikii vizuri, siyo mkaidi.

Nyumbani mnaweza kuangalia pia. Siku ambayo mtoto hana mafua, mwambie afunge kinywa, weka kioo kidogo chini ya pua. Kioo kinapaswa kupata ukungu pande zote mbili. Ukikosekana, au mtoto akishindwa kufunga kinywa kwa pumzi chache, njia imebana. Ila uchafu wenye harufu mbaya ukitoka tundu moja tu, mara nyingi kuna haragi au punje ya muhindi iliyosukumwa humo. Msiitoe kwa kijiti, mpelekeni kituo cha afya.

Kukata kilimi hakufungui kitu, kwa maana kilimi siyo kilichoziba. Kunaleta damu nyingi na maambukizi, na kuna watoto waliokufa. Na hiyo amoksisilini ya kila mwezi haipunguzi kile kinyama. Wauguzi wetu, tafadhali, kabla ya kuandika dawa mara ya tatu, tazameni ndani ya sikio.

Kinachosaidia mwanzoni ni maji ya chumvi: nusu kijiko kidogo cha chumvi ndani ya kikombe cha maji yaliyochemka na kupoa, matone machache kila tundu kabla ya kulala. Yatengenezwe upya kila siku. Mbabula itolewe nje. Maji ya sikioni mara nyingi yanaisha yenyewe ndani ya miezi mitatu, na muda huo mtoto akae mbele darasani, aitwe huku akitazamwa usoni. Hilo halimgharimu mwalimu hata franka moja.

Miezi mitatu ikipita bila nafuu, aonwe na mganga wa masikio, pua na koo. Mlango wake umeandikwa ORL. Anaweza kuomba picha ya radio (siyo hii yetu ya matangazo), kutoa dawa ya kupuliza puani, au kusema kinyama kitolewe kwa upasuaji. Yule mtoto wa Masisi, maji yalikauka mwezi wa pili, hakuhitaji kisu.

Lakini msingoje miezi mitatu kama usiku mtoto anakoroma, ananyamaza, kifua kinahangaika bila hewa kuingia, halafu anashtuka akivuta pumzi kwa nguvu. Huyo apelekwe hospitali kesho yake asubuhi. Na midomo ikigeuka rangi ya buluu, msingoje kupambazuka.