Kabla ya kushangilia bonasi ya majani chai, uliza pesa imetoka wapi

Kila Oktoba, wakulima wa chai wa Meru na Embu huulizana swali moja: "Bonasi ya kiwanda chenu ni ngapi?" Mtu wa Imenti anapiga simu Kionyo, wa Rukuriri anauliza Mungania. Baadaye pesa inaingia benki au kwa simu, na mjadala unaisha.

Mimi naona tunauliza swali la pili kabla ya lile la kwanza. Viwanda hivi ni kampuni, na mkulima mwenye hisa ni mwenye kampuni. Kila mwaka hesabu hufungwa tarehe 30 Juni, ripoti inachapishwa, na wengi wetu tukiipata tunatafuta mstari wa faida tu. Lakini faida haikuambii kama pesa ipo. Hilo linaonyeshwa na kurasa mbili ambazo wengi tunaziruka: mizania, ile wahasibu wanaita balansi shiti, na taarifa ya mtiririko wa fedha.

Mfikirie wakala wako wa mtaani. Duka lake limejaa unga, sukari na sabuni, na kwa hesabu zake biashara inalipa. Lakini ukienda kutoa elfu tano anakuambia, "Pole, sina pesa saa hii." Hadanganyi. Mali anayo, ila imekaa kwa rafu. Mizania ingeonyesha duka lililojaa. Mtiririko wa fedha ungeonyesha droo tupu.

Kwa chai, jambo hili si nadharia. Julai 2021, KTDA iliweka bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini chai ambayo wanunuzi hawakutaka kwa bei hiyo ilibaki kwa maghala. Chai ya mashariki mwa Bonde la Ufa, ikiwemo ya Meru na Embu, kwa kawaida hupata bei nzuri zaidi, kwa hiyo mzigo mkubwa ulikuwa upande wa magharibi. Bei hiyo iliondolewa mwaka 2024. Tukubali hatua ile ilikuwa nzuri ama mbaya, imetuachia somo: chai iliyo ghalani ni mali kwenye mizania, lakini mkulima halipwi kwa magunia ya chai.

Tuchukue kiwanda cha mfano, na hesabu za kubuni zilizorahisishwa, zote kwa milioni za shilingi.

Mizania ni kama picha iliyopigwa siku moja. Upande mmoja ni mali. Majengo na mashine ni 700, mwaka jana na mwaka huu. Chai ambayo haijauzwa ilikuwa 100, sasa ni 380. Pesa ambayo wanunuzi hawajalipa ni 150, haijabadilika. Pesa benki ilikuwa 120, sasa ni 60. Jumla ya mali imepanda kutoka 1,070 hadi 1,290. Kwa macho tu, kiwanda kimekua.

Upande wa pili unaonyesha mali hiyo ni ya nani. Mkopo wa benki ulikuwa 100, sasa ni 300. Bonasi ambayo wakulima wanangoja ni 270 miaka yote miwili, na hiyo pia ni deni mpaka ilipwe. Kinachobaki baada ya madeni ndicho mtaji wa wenyehisa: ulikuwa 700, sasa ni 720. Zile 20 zilizoongezeka ni faida ya mwaka.

Sasa fungua mtiririko wa fedha. Una sehemu tatu, na namba iliyo ndani ya mabano maana yake ni pesa iliyotoka.

Sehemu ya kwanza ni kazi yenyewe ya kiwanda. Inaanza na faida, 20. Inarudisha 40 za uchakavu wa mashine, kwa sababu mashine ikichakaa thamani inapungua lakini hakuna pesa imelipwa. Kisha inaondoa 280, yaani chai iliyoongezeka ghalani: majani yalinunuliwa, kuni na stima zikalipwa, lakini mauzo bado. Jibu ni (220). Kiwanda kimetangaza faida ya milioni 20, na hapo hapo kazi yake imekula milioni 220.

Sehemu ya pili ni uwekezaji. Mashine mpya zimenunuliwa, (40).

Sehemu ya tatu ni ufadhili. Mkopo mpya umeingia, 200.

Jumlisha zote tatu unapata (60), na ndiyo sababu benki imeshuka kutoka 120 hadi 60. Hizi kurasa mbili lazima zikubaliane hapo. Zisipokubaliana, simamisha mkutano uulize.

Sasa ona hatari yenyewe. Oktoba inakuja na bonasi ya 270, na benki kuna 60. Zile 210 zinazopungua zitatoka kwa chai ikiuzwa haraka, ama kwa mkopo mwingine. Tuseme ule mkopo mpya wa 200 unatozwa riba ya asilimia 14. Hiyo ni milioni 28 kwa mwaka, zaidi ya faida yote. Kama kiwanda kinapokea kilo milioni 14 za majani mabichi, ni shilingi 2 kwa kila kilo ya mwaka ujao. Bonasi iliyolipwa kwa mkopo ni pesa yako ya kesho uliyopewa leo, ikiwa imekatwa riba.

Tena, ile 380 ya chai ni makadirio. Bei ikishuka kwa asilimia 10 tu, milioni 38 zinayeyuka, na faida ya 20 inageuka kuwa hasara. Chai ikikaa sana inapoteza ubora, na mnunuzi anajua. Kwa hiyo soma maelezo ya nyuma ya ripoti uone chai ilithaminiwa vipi.

Lakini tusikimbilie kulaumu. Mwaka mmoja wenye mabano sehemu ya kwanza si ushahidi wa wizi wala uzembe. Mvua ya Machi hadi Mei ikiwa nzuri, majani huwa mengi, na Juni 30 inaweza kukuta chai nyingi ikiwa njiani kwenda mnadani. Ndiyo maana ripoti huweka mwaka huu na mwaka jana kando kwa kando. Kinachofaa kukutia wasiwasi ni mambo matatu yakienda pamoja miaka miwili mfululizo: chai ghalani inapanda, sehemu ya kwanza iko kwa mabano, na mkopo unakua.

Kwa maoni yangu, mkurugenzi anayesimama kuomba kura akitaja bonasi bila kutaja namba hizi amekupa nusu ya habari. Wewe ni mwenyehisa, nakala ya hesabu ni haki yako. Kwa mkutano mkuu ujao, inua mkono na ulize hivi: "Kazi ya kiwanda ililetea benki pesa ngapi mwaka huu, na katika bonasi yetu, ngapi ni mkopo?" Jibu liko kwenye ukurasa wa mtiririko wa fedha. Akiwa ameusoma, hatahitaji hata dakika mbili.