MTOTO ANAYELALA KUTWA SI SIFA YA YAYA



Tumechoka kusikia mama akiulizwa habari za yaya wake, naye akijibu, "Ni mzuri, kwake watoto hawalii." Kwani watoto 10 wachanga mikononi mwa mtu mmoja hunyamazaje? Wako walezi wanaowanywesha dawa ya mafua ya kulewesha usingizi, kama Piritoni, ili wapate nafasi ya kufua au kuanika omena. Dawa hiyo yaweza kupunguza pumzi ya mtoto mchanga hata akafa.

Dalili zipo. Fika saa sita bila kutoa habari. Ukimkuta haamki upesi, hanyonyi kwa nguvu, na nepi ulizompa zimerudi karibu zote kavu, ilhali Jumapili nyumbani huamka kila mara, usibishane na yaya. Mchukue. Akiwa hazinduki au pumzi ni nzito, enda hospitali mara moja, na chupa ya dawa ukiipata uende nayo.

Kosa la pili ni kumtafuta yaya karibu na nyumbani. Tuseme mama yuko kazini Awendo, mtoto ana miezi 3, ameacha maziwa aliyoyakamua saa moja asubuhi. Bila friji, maziwa hayo yafaa kwa saa 4 tu mahali pasipozidi digrii 25, na jua la huku kwetu ziwani hupita hapo. Basi kufika saa tano yamekwisha kufaa, na mama hurudi saa kumi na moja jioni. Muda wote huo mtoto anywe nini? Atapewa uji, au maji ya ziwa, na Homa Bay na Migori zaijua kipindupindu. Kwa hiyo mtafute yaya aliye dakika 10 kutoka lango la kazi, ukamnyonyeshe mwenyewe. Uliza pia ana watoto wachanga wangapi (wakizidi 3 pita), maji huyachota wapi, na kama watoto hulala ndani ya chandarua.

"Nitatokaje kazini?" mtauliza. Hapa ndipo tunapomgeukia mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na madaktari wasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 6. Miezi 3 iliyobaki ni ya nani? Sheria ya Afya ya 2017 yamwamuru mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea na kumpa mama nafasi za kunyonyesha au kukamua, jumla isiyozidi saa moja kwa kila saa 8, mbali na wakati wa chakula. Wangapi wamekiona chumba hicho? Bwana mkubwa ana chumba cha kuwekea pikipiki yake!

Wawakilishi wa kila idara waandike majina ya akina mama wanaonyonyesha, na barua ya kudai saa hiyo ipelekwe ofisini kabla ya mama kurudi kazini, si baada ya kukatwa mshahara.